Akaunti yangu ya akiba: laki tatu zilizopungua bila kuguswa

Mimi ni fundi cherehani, Majengo hapa Dodoma. Mwaka jana niliweka laki tatu kwenye akaunti ya akiba ya benki moja, nikaziacha zilale. Nilivutwa na tangazo la riba ya asilimia 3 kwa mwaka. Baada ya miezi kumi na miwili salio likasoma 293,000 na ushee, na sikuwa nimetoa hata shilingi.

Nikaomba taarifa ya akaunti. Kila mwezi palikuwa na mistari miwili: 1,000 ya uendeshaji wa akaunti, na 180 ya kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Mstari wa pili ni mdogo, jicho huupita. Kwa mwaka makato yote ni 14,160. Riba nayo ilikatwa asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla haijanifikia, kwa hiyo ile 3 ya kwenye tangazo mfukoni ni 2.7. Laki tatu kwa 2.7 ni 8,100 tu. Basi nilikuwa nailipa benki ili initunzie hela yake ya kukopesha watu!

Nikachukua kikokotoo cha kupimia vitambaa. Makato ya mwaka gawanya kwa riba inayobaki:

14,160 ÷ 0.027 = 524,444

Chini ya kama 525,000 akaunti hii inakula mtaji. Hapo penyewe haipungui wala haiongezeki. Ukiwa na milioni moja unabaki na 12,840 kwa mwaka, yaani makato yamemeza zaidi ya nusu ya riba. Ni mpaka milioni tano na kitu ndipo yanachukua kama sehemu moja ya kumi tu ya riba, na mimi hapo ndipo ningeacha kuyahesabu. Aliye na milioni ishirini hana habari nayo kabisa, ndiyo maana hakuna anayelalamika kwa sauti kubwa.

Dada wa dirishani, nashukuru, hakunizungusha. Alinionyesha akaunti yao nyingine isiyo na makato ya mwezi, riba asilimia 1.5. Nusu ya ile, lakini kwa laki tatu ninapata 4,050 safi badala ya kupoteza elfu sita. Ile ya asilimia 3 inaipita hii salio likivuka takriban 1,050,000, si kabla.

Ubaya wake ni ada ya kutoa, inayokatwa kila unapochukua hela. Kwangu si shida, natoa mara moja tu, kununua vitambaa vya sare kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mdogo wangu anayeuza karanga stendi, ambaye huchukua elfu kumi kumi kila wiki, nimemwambia asinifuate huku.

Nyota tatu kwa benki, na moja kati ya hizo ni ya yule dada.