Miaka mitatu na Toyota Passo katika mitaa ya Kariakoo: nilichopata na nilichopoteza

Nilianza kutafuta gari kwa kulipima egesho, wala si kwa kuangalia magari. Jengo lenye duka letu la vitambaa hapa Kariakoo lina maegesho ya chini ya ardhi, na nafasi tuliyopewa iko katikati ya nguzo mbili za zege. Nilishuka na rula ya mita ya dukani, nikakuta kuwa upana kati ya nguzo na nguzo ni mita 2.30, kina mpaka ukutani ni mita 4.30, na njia ya kupita magari mbele yake haifiki hata mita 5. Nilitaka pia gari litakalopita kwenye kichochoro cha kuelekea nyumbani Sinza, ambako bajaji mbili zikipishana lazima mojawapo ipande kwenye kizingiti cha mtu.

Baada ya kuuliza huku na huku nilibaki na magari mawili ambayo kila fundi wa Dar es Salaam anayafahamu: Toyota IST ya toleo la kwanza, ambayo kaka yangu alikuwa nayo tayari, na Toyota Passo ya toleo la kwanza yenye injini ya sentimita za ujazo 996. Kama watu wengi, niliamini kwamba Passo ni nyembamba zaidi, na kwamba wembamba huo ndio utakaoniokoa. Vipimo vilinionyesha kuwa nilikosea. IST ina upana wa milimita 1,695 na Passo milimita 1,665, kwa hiyo tofauti yao ni sentimita 3 tu, yaani chini ya upana wa vidole viwili. Magari madogo mengi ya Kijapani hukaribiana hivyo kwa sababu sheria za huko huweka mpaka wa milimita 1,700 kwa daraja la magari madogo, na watengenezaji huujaza mpaka huo karibu wote. Tena vipimo hivyo havihesabu vioo vya pembeni, ambavyo katika gari la aina hii huongeza sentimita 25 hivi au zaidi vikiwa vimekunjuliwa. Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya kichochoro chembamba asisahau kuhakikisha kwamba vioo vinakunjika, kwa mkono au kwa kitufe.

Tofauti ya kweli niliikuta katika urefu na katika kona. Passo ina urefu wa milimita 3,595, na IST ina milimita 3,855. Sentimita 26 zinaonekana chache mpaka mtu anapojaribu kuingia kati ya nguzo mbili akitokea kwenye njia ya mita 5. Siku ya majaribio nilimwomba kaka aje na IST, na dalali akaniruhusu kulileta Passo kwa nusu saa. IST iliingia, lakini kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu, na mara ya pili mlinzi aliweka kiganja chake kati ya bampa na nguzo kutuonyesha tulivyokaribia. Passo iliingia kwa kurudi nyuma mara moja. Jioni tulirudia jaribio katika uwanja mtupu karibu na nyumbani, tukipanga ndoo mbili kwa umbali wa mita 4.60 kana kwamba ni magari mawili yaliyoegeshwa kando ya barabara. Passo ilibakiwa na nafasi ya mita 1 jumla, nami ambaye si dereva hodari niliiingiza kwa hatua mbili. Kaka, anayeendesha vizuri kuliko mimi, aliangusha ndoo ya nyuma kwa IST yake.

Sababu haikuwa urefu peke yake. Passo ya injini ndogo, ikiwa na magurudumu yake ya inchi 13, hugeuka kwa nusu kipenyo cha mita 4.3, kwa sababu tairi zake nyembamba zina nafasi ya kukata kona kali ndani ya madigadi. IST ina magurudumu makubwa zaidi, na usukani wake hufika mwisho mapema. Mtu akigeuza gari katika Mtaa wa Swahili saa nne asubuhi, huku mikokoteni imemzingira na guta limesimama nyuma likisubiri, ataona kuwa hatua moja ya kurudi nyuma iliyopungua ina thamani kuliko sentimita kadhaa za upana.

Hapo ndipo nilipolipa ada ya ujinga. Passo niliyoinunua ilikuwa na rimu za spoti za inchi 15 zilizowekwa na mwenye gari wa awali, na nilizipenda, sikatai. Wiki ya kwanza nilisikia mkwaruzo kila nilipokata usukani mpaka mwisho, hasa nikiwa na abiria. Nilidhani ni bearingi. Fundi wangu, mzee mmoja wa Magomeni, hakufungua kitu chochote. Alikata usukani wote kulia, akainama kwa tochi, akanionyesha sehemu ya plastiki ya ndani ya digadi iliyokuwa iking'aa kama sufuria iliyosuguliwa.

"Dada, tairi yako inakula digadi," akasema. "Hii gari umeinunulia kona, halafu umeifungia kona."

Alifungua mlango wa dereva akanisomea karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango, ambayo hutaja saizi ya tairi ya kiwandani na upepo wake: 155/80R13. Nilirudisha rimu za inchi 13, na mabadiliko yalikuwa mawili kwa pamoja. Kona ilirudi, na gari likawa laini zaidi. Ubavu wa tairi hiyo una kimo cha milimita 124, na kimo hicho chenye upepo ndani ndicho kinachomeza mashimo kabla hayajafika kwenye shokapu na kwenye kiuno cha dereva. Zile tairi bapa za spoti zilikuwa zikinipelekea kila shimo la Shekilango moja kwa moja kwenye kiti. Anayekwenda kukagua gari dogo la mkononi mwa mtu akate usukani mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu wanne ndani, kwa sababu likiwa tupu mkwaruzo unaweza usisikike.

Upande wa starehe, jambo lililonishangaza ni kiti cha nyuma. Ingawa Passo ni fupi kuliko IST, umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni mrefu zaidi: milimita 2,440 dhidi ya 2,370. Magurudumu yamesukumwa kwenye pembe za gari, na nafasi iliyopatikana imekwenda kwenye magoti ya abiria. Mama yangu, mwenye maumivu ya magoti na mwepesi wa kulalamika, anakaa nyuma bila kugusa kiti cha mbele. Kilichotolewa sadaka ni buti. Vikapu viwili vya sokoni na mfuko wa mchele wa kilo 25 vikishaingia, nafasi imekwisha, na sanduku la safari halikai humo mpaka mgongo wa kiti cha nyuma ulazwe. Majora yetu ya vitambaa yana urefu wa mita 1.5, na huingia yakilazwa mshazari, ila siku hiyo nyuma hakai mtu.

Injini ya silinda tatu ina tabia yake. Gari likiwa limesimama kwenye foleni, gia ikiwa D na kiyoyozi kinafanya kazi, usukani hutetemeka kidogo. Mtetemo huo mdogo ni wa maumbile ya injini, lakini wangu ulikuwa mkubwa kiasi cha kutikisa kioo cha ndani. Fundi aliniambia niweke N. Mtetemo ukapungua sana, na nilipoingiza D ukarudi. Dalili hiyo, alisema, mara nyingi ni maunti ya injini iliyochoka, kwa sababu katika D injini inasukumana na gia na maunti ndiyo inayobeba msukumo huo. Kama mtetemo ungebaki vilevile katika N, angeanza na plagi. Tulibadilisha maunti moja, na sasa ninavumilia ule mdogo uliobaki.

Barabara kuu ni habari nyingine, na hapa sitaipamba Passo. Tulikwenda Morogoro, kilomita 190 hivi, tukiwa watu wazima watano. Gari lina uzito wa takriban kilo 900 na nguvu farasi 71, na watu watano wanaongeza kama kilo 350. Kabla ya Chalinze nilijifunza kuzima kiyoyozi kila nilipotaka kulipita lori, kusubiri nafasi ambayo kwa gari la kaka ningeiona ni ya kupindukia, na kukaza usukani basi linapotupita kwa sababu upepo wake unalisukuma gari pembeni. Kila tuta nililipanda kwa mwendo wa kutembea, maana nyuma ilikuwa imelala na ekzosi iligusa mara mbili. Kiti cha mbele ni laini na kipana kama cha sebuleni, kizuri kwa nusu saa ya Sinza hadi Kariakoo, lakini hakishiki ubavu, na tulipofika Morogoro mgongo wangu ulikuwa umeshatoa taarifa yake. Kurudi, IST ya kaka iliyokuwa nasi ilionekana kama gari la daraja jingine: imetulia, haipigi kelele, na mizigo yake yote ilikuwa ndani ya buti.

Mafuta sikuyafuatilia sana. Kwa kujaza tangi mpaka juu na kusoma kilomita, napata kati ya 12 na 13 kwa lita katika foleni za mjini nikiwa na kiyoyozi, na kama 17 njia ndefu nikiwa na mtu mmoja.

Kaka ameshapendekeza tubadilishane, nimwongezee fedha kidogo. Nilipiga hesabu ya mwaka jana: safari za nje ya mji zilikuwa nne, na siku za kuingia kwenye lile egesho zilikuwa zaidi ya mia mbili na themanini. Tumekubaliana tubadilishane kwa wikiendi za safari tu. Jumatatu anapolirudisha Passo, yeye ndiye anayeliacha pale nje kwenye njia panda, kwa sababu tangu siku ile ya mlinzi na kiganja chake hajataka tena kushuka kwenye nguzo zetu.