Toleo si chapa: jinsi ya kununua kitabu cha shule silabasi inapobadilika

Wazazi watatu wameniandikia ndani ya mwezi mmoja kulalamikia jambo lile lile lililonipata mimi, kwa hiyo leo naliandika lote.

Nilimnunulia binti yangu kitabu cha Biolojia. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni kipya, akanifungulia ukurasa wa mwanzo na kuniwekea kidole kwenye mwaka 2018. Silabasi iliyokuwa ikitumika wakati huo ilikuwa ya mtihani wa mwaka 2016 kwenda mbele, kwa hiyo hesabu ikaniingia akilini, nikalipa. Wiki ya pili mtoto akarudi na daftari tupu. Mwalimu alikuwa ametoa maswali ya mwisho wa sura, na kwenye kitabu chake sura hiyo ilikuwa inazungumzia kitu kingine kabisa. Niliketi nacho usiku nikausoma ule ukurasa mstari kwa mstari. Juu ya mwaka 2018 palikuwa na mstari mwingine ambao kidole cha muuzaji kilikuwa kimeufunika: toleo lenyewe lilikuwa la mwaka 2010. Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa kuchapwa tena tu.

Hapo ndipo pesa za wazazi wengi zinapopotelea. Karatasi nzuri, jalada lisilochanika na bei mnaviangalia wenyewe, sina la kuwaongezea. Nitakaa kwenye tofauti ya toleo na chapa, kwa sababu dukani maneno haya mawili hutumika kana kwamba ni kitu kimoja.

Toleo ni maandishi yenyewe. Likibadilika, sura zinahama, mada zinaondolewa au kuongezwa, na namba za kurasa hazilingani tena. Chapa ni safari ya kitabu kwenda mtamboni. Toleo moja linaweza kuchapwa mara kumi ndani ya miaka kumi bila sentensi hata moja kubadilika. Kwa hiyo kitabu kinachonukia wino mpya kinaweza kuwa na maandishi ya silabasi iliyokwisha kufutwa.

Fungua ukurasa wa hakimiliki, ambao mara nyingi uko nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Tafuta maneno "toleo la kwanza", "toleo la pili" na kuendelea, kila moja na mwaka wake. Mwaka wa toleo la mwisho kutajwa ndio umri wa kitabu. Maneno "kimechapwa tena" na miaka inayoyafuata yapite. Vitabu vingi pia vina mstari wa tarakimu zilizopangwa, kwa mfano 10 9 8 7 6 5 4 3. Tarakimu ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa, kwa hiyo hapo unashika chapa ya tatu. Mstari huo hausemi lolote kuhusu silabasi.

Kisha angalia ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Toleo jipya hupewa ISBN mpya, na kitabu kilichochapwa tena bila mabadiliko hubaki na ile ile. Ndiyo maana naiamini kuliko jalada, kwa sababu jalada linaweza kubadilishwa rangi na picha huku maandishi ya ndani yakiwa yale yale. Tangu mwaka 2007 ISBN ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979. Kitabu chenye ISBN ya tarakimu 10 pekee kirudishe rafuni mara moja, maandishi yake ni ya zamani mno. Lakini angalieni hapa: ISBN mbili tofauti hazimaanishi kila mara matoleo mawili. Kitabu cha mwanafunzi, kitabu cha mazoezi na kitabu cha mwalimu kila kimoja kina yake, na jalada gumu lina yake tofauti na jalada laini. Nilishaona mzazi amebeba kitabu cha mwalimu akidhani ni toleo jipya la kitabu cha mwanafunzi.

Sasa, toleo lipi ndilo sahihi? Jibu linatoka kwenye silabasi yenyewe, na mwaka unaohusika ni mwaka wa mtihani. Nitumie mfano wa Biolojia ya Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari, msimbo wake 0610, kwa kuwa inafanywa katika nchi nyingi na silabasi yake inapatikana bure mtandaoni. Jalada lake linaandika wazi ni ya mitihani ya miaka ipi. Ipo ya mitihani ya 2023, 2024 na 2025, na inayofuata ni ya 2026, 2027 na 2028. Mtoto aliyeanza kozi ya miaka miwili mwaka 2024 atafanya mtihani mwaka 2026. Basi silabasi yake ni ya 2026, hata kama siku unanunua kitabu wanafunzi wa darasa la mbele yake wanatumia ile ya 2023. Mzazi anayeuliza dukani "nipe cha mwaka huu" anauliza swali lisilo sahihi, na muuzaji atamjibu vilevile.

Ukishapata silabasi sahihi, nenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho. Kuna sehemu inayoeleza mabadiliko ya silabasi hiyo. Mabadiliko yakiwa madogo, mara nyingi huandikwa hapo kwamba vitabu vilivyoidhinishwa kwa silabasi iliyotangulia bado vinafaa. Ukiisoma sentensi hiyo, nunua toleo la zamani kwa moyo mweupe na usimruhusu mtu akuuzie hofu. Mabadiliko yakiwa makubwa, maandishi yaliyoguswa huwekewa mistari myeusi ya wima pembeni. Mimi huchukua kalamu, nikaandika maneno matano ya kitaalamu kutoka kwenye sehemu zenye mistari hiyo, nikaenda nayo dukani na kuyatafuta kwenye faharasa nyuma ya kitabu. Yakikosekana mawili au zaidi, kitabu hicho si cha mwanangu. Kazi hiyo haichukui dakika tano na haihitaji ujue Biolojia.

Kama shule yenu inafuata silabasi ya taifa, njia ni ile ile, ila mahali pa kuanzia ni orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na mamlaka ya mitaala, pale inapotolewa. Msiishie kwenye jina la kitabu. Nakilini na toleo au ISBN, kwa sababu jina hubaki lile lile miaka nenda rudi.

Sasa niwapange wauzaji, kuanzia ninayemwamini zaidi.

Wa kwanza ni mchapishaji mwenyewe au wakala wake. Huyo ndiye anayejua toleo lipi limefungwa na lipi linaendelea, na ukimtajia ISBN anakujibu bila kubabaisha. Kati ya wachapishaji, sifichi kwamba nawapendelea Cambridge University Press. Ukurasa wao wa hakimiliki unapanga matoleo moja baada ya jingine na miaka yake, na mtu asiye mwalimu anauelewa. Wengine hukuandikia mwaka mmoja tu wa hakimiliki, ukabaki unakisia.

Wa pili ni duka la vitabu ambalo unaruhusiwa kufungua kitabu. Kasoro yake ni mabaki ya stoo. Silabasi inapobadilika, duka linakuwa na maboksi ya toleo la zamani ambayo lazima yaondoke, na yataondokea mikononi mwa asiyeuliza. Vitabu vilivyofungwa kwa nailoni msivinunue mpaka vifunguliwe au muuzaji aandike ISBN kwenye risiti na kukubali kukirudisha. Kuna kitu kinaniudhi sana hapa, nacho ni vibandiko vya "silabasi mpya" vinavyobandikwa juu ya jalada. Mpya ya mwaka gani? Kibandiko hakina tarehe, na mwenye duka anajua hivyo. Nimewahi kukibandua kimoja kwa ukucha nikakuta chini yake mwaka uliochapishwa kwenye jalada, wa silabasi iliyopita. Huo ni udanganyifu kwa mzazi aliyejinyima ili mtoto asome, na mwenye duka aliponiambia "lakini mama, mambo ni yale yale", nilirudisha kitabu na sijarudi tena.

Wa tatu ni mwanafunzi aliyetoka kufanya mtihani wa silabasi ile ile. Kitabu kimeshathibitishwa darasani, na maandishi ya penseli pembeni mara nyingine yanasaidia. Mwulize alifanya mtihani mwaka gani, kisha ulinganishe mwaka huo na jalada la silabasi ya mwanao. Jambo moja tu: vitabu vingi vya sasa vinakuja na namba ya siri ya kuingilia kitabu mtandaoni, na namba hiyo ikishatumika huwa imekwisha kazi. Msilipie kitu ambacho mwenye kitabu amekwisha kukitumia.

Wa nne ni muuzaji wa vitabu vilivyotumika mwenye meza au kibanda. Bei ni nzuri, ila hakikisha ukurasa wa hakimiliki upo. Ukiwa umechanwa, acha.

Wa mwisho ni tangazo la mtandaoni lenye picha ya jalada tu. Picha mara nyingi imechukuliwa kwingine na si ya kitabu utakachoshika. Nakala za kudurufu na PDF za kupitishana siziweki kwenye orodha, kwa kuwa mara nyingi kurasa za mwanzo hukatwa na huwezi kujua ni toleo gani.

Sasa hivi sitoki nyumbani kabla ya kupiga simu. Siulizi "mnacho?", maana hakuna atakayesema hapana. Namwambia anayepokea: kaka, tafadhali fungua nyuma ya ukurasa wa jina, unisomee mstari wenye neno "toleo" na mwaka wake, halafu unisomee ISBN iliyo nyuma ya jalada. Nakuwa na kalamu mkononi na ISBN ya shule mbele yangu. Juzi kijana mmoja alinisomea tarakimu zote 13, mbili za mwisho zikatofautiana na zangu. Nikamwomba aangalie jalada vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani mama, hiki ni cha mazoezi. Ngoja nikuangalizie cha mwanafunzi."