Bima ya mizigo ya Vifungu C: inakuokoa kwenye jenero avareji, inakuacha kwenye kontena lililolowa

Nimekata bima ya mizigo ya baharini kwa miaka kadhaa, kwa vitenge vinavyoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Tathmini hii ni ya ile ya bei ya chini, yenye masharti ya London yanayoitwa Vifungu C; Vifungu B vina kinga zaidi, na Vifungu A ndivyo vipana kuliko vyote. Wengi huikata ili mzigo upite forodhani tu, kisha hati inakaa kwenye faili bila kusomwa. Kwa jambo moja bima hii inastahili kila shilingi. Kwa jingine ni dhaifu sana, na ni heri mtu alijue hilo kabla meli haijang'oa nanga.

Jambo la kwanza ni jenero avareji, yaani hasara ya wote. Meli ikiwa hatarini, na nahodha akatoa kwa makusudi mali au gharama ili kuinusuru pamoja na shehena, hasara hiyo hugawanywa kwa kila mwenye mali ndani ya meli, hata ambaye mzigo wake haukuguswa. Meli ya Maersk Honam ilipowaka moto katika Bahari ya Arabuni mwezi Machi 2018, wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani ya mzigo kwa ajili ya waokoaji, na 11.5 kwa ajili ya jenero avareji. Mzigo wa dola 40,000 ungedaiwa dhamana ya dola 21,600 kabla mwenyewe hajaona hata jora moja.

Mwenye bima, hata ya C, hatoi pesa hizo mfukoni. Taarifa ikifika, ipeleke kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo pamoja na ankara na hati ya shehena. Wewe unasaini hati ya ahadi ya kuchangia, kampuni inasaini hati ya dhamana, na zote mbili zinakwenda kwa mkokotozi wa hasara aliyeteuliwa na mwenye meli. Yeye akiridhika ndipo wakala wa meli anaruhusiwa kuachia kontena. Kinachochelewesha ni vitu vidogo: jina kwenye hati ya ahadi halilingani na la mpokeaji kwenye hati ya shehena, au ankara imekosekana. Gharama za kukaa bandarini huendelea kuhesabiwa, na hasara inayotokana na ucheleweshaji hailipwi na Vifungu C wala A.

Hapa ndipo kukata bima kwa thamani pungufu kunapouma. Tuseme mali yote iliyonusurika, meli na shehena, ni dola milioni 80, na gharama za pamoja ni milioni 4. Kila mtu atachangia asilimia 5, kwa hiyo mzigo wa dola 40,000 utachangia 2,000. Ukiwa umeukatia bima ya 30,000 ili kupunguza ada, kampuni italipa robo tatu tu, yaani 1,500, nawe utamalizia 500. Kata bima kwa ankara, nauli na bima yenyewe, uongeze asilimia 10. Hicho ndicho kiwango cha kawaida cha biashara hii.

Sasa tuje kwenye kontena lililolowa. Chukua kontena lenye majora 1,000, limekatiwa bima ya dola 44,000, limetoka kwenye meli iliyozimwa moto. Mlango ukifunguliwa, safu za chini zimelowa. Swali la madai yote ni moja: maji haya yametoka wapi? Vifungu C havilipi maji ya mvua yaliyopita kwenye tundu la paa, havilipi jasho la kontena, na havilipi hata maji ya bahari yaliyoingia kontenani. Hayo ya bahari yanaanza kulipwa kwenye Vifungu B. Lakini uharibifu wa maji yaliyopigwa kuzima moto ni hasara ya jenero avareji kwa Kanuni za York na Antwerp, zinazoongoza mgawanyo huo, na C inalipa. Kampuni hukulipa wewe, kisha yenyewe hudai fidia kwenye mfuko wa pamoja.

Kwa hiyo usikimbilie kushusha mzigo. Piga picha milango ikiwa imefungwa: namba ya kontena, na namba ya lakiri isomeke, uilinganishe na ile ya hati ya shehena. Piga pande zote na paa. Mwite mkaguzi aliyetajwa kwenye cheti cha bima, si yeyote uliyezoea kufanya naye kazi. Pima kwa futi urefu wa alama ya maji ukutani na kwenye majora, kwa sababu alama ya usawa kutoka sakafuni ni habari tofauti na mchirizi kutoka darini. Kontena likishakuwa tupu, mtu aingie ndani na milango ifungwe. Nukta yoyote ya mwanga inaonyesha tundu, nayo ipigwe picha kutoka ndani na nje.

Mkaguzi atadondosha dawa ya nitrati ya fedha kwenye kitambaa kilicholowa. Kikigeuka kuwa na utando mweupe kama maziwa, kuna chumvi. Mtake ajaribu pia jora kavu la mzigo huo huo, maana kitambaa chenyewe kinaweza kuwa na chumvi ya kiwandani. Watu wengi hudhani jibu la chumvi limemaliza kazi. Kwa mwenye C halijamaliza, kwa kuwa meli huzima moto kwa maji ya bahari, na bahari ikiingia yenyewe inaacha chumvi ile ile. Kinachotofautisha ni nafasi ya kontena melini. Mwombe mkokotozi au wakala wa meli barua inayotaja lilipopangwa na kama maji yalipigwa sehemu hiyo. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko picha mia.

Majora yaliyolowa yatenganishwe na makavu siku hiyo hiyo, yaanikwe, na risiti za vibarua zitunzwe. Ukiacha ukungu ukasambaa, kampuni ina haki ya kukataa sehemu iliyoongezeka.

Hesabu nayo ina mtego. Majora 200 yamelowa, na bima yake ni dola 8,800. Jora zima sokoni ni dola 60, lililoharibika limeuzwa kwa 24, kwa hiyo thamani imeshuka asilimia 60. Fidia ni asilimia 60 ya 8,800, yaani 5,280. Ukikubali njia ya mkato ya kutoa mauzo ya 4,800 kwenye 8,800, utapata 4,000 tu. Dai asilimia iliyokubaliwa iandikwe kwenye ripoti ya mkaguzi kabla ya kuuza, wala usiuze bila kampuni kuridhia kwa maandishi.

Mwandikie pia mwenye meli barua ya kumwajibisha. Kwa hati nyingi za shehena, uharibifu unaoonekana huandikwa wakati wa kupokea, na usioonekana ndani ya siku 3. Usisaini stakabadhi safi ya makabidhiano wakati kontena linavuja. Muda wa kumshtaki huwa mwaka 1 tangu kukabidhiwa, na madai ya bima yakiendelea hayausimamishi. Muda ukipita mikononi mwako, kampuni inapoteza njia ya kumdai mwenye meli, nayo inaweza kulikata hilo kwenye fidia yako. Omba nyongeza ya muda kwa maandishi ikifika miezi 10 tangu kukabidhiwa.

Kwa vitenge, sasa nakata Vifungu A. Kwa vyuma chakavu au mawe, C bado ningeikata.