Uzoefu wangu na huduma ya kupimiwa maili: mita tisa ambazo kadi ilizisahau

Nimesubiri siku kadhaa kabla ya kuandika, nikitumai kwamba hasira itapoa, lakini haijapoa. Majuzi, katika zile wiki ambazo upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza kulegea, nililipa shilingi elfu ishirini kwa kikundi kinachowapimia wakimbiaji muda katika uwanja mmoja hapa Unguja, kwa kuwa nilitaka kukimbia maili moja kwa dakika tano. Kwa fedha hiyo nilipata mtu wa kushika saa na kunisomea muda kila ninapopita, pamoja na kadi ndogo iliyoandikwa muda wa mizunguko. Kadi hiyo iliniudhi, na aliyeisoma aliniudhi zaidi.

Kadi iliandikwa 1:15, 2:30, 3:45 na 5:00, yaani dakika tano zimegawanywa kwa nne, basi. Ukiitazama haraka huoni kosa, na mimi mwenyewe sikuliona. Lakini maili ni mita 1,609.34, na mizunguko minne ya uwanja wa mita 400 ni mita 1,600 tu. Zinabaki mita tisa na sentimita 34, na ndiyo sababu mstari wa kuanzia maili huchorwa nyuma ya mstari wa kumalizia kwa umbali huo huo, ili mkimbiaji azipite kwanza, kisha azunguke mara nne kamili na kumalizia pale wanapomalizia wenzake wa mbio nyingine. Mstari huo walikuwa wameuweka sawasawa, na kwa hilo nawapa haki yao. Nilimwona kijana mmoja akivuta tepu kutoka mstari wa kumalizia, akachora kwa chaki, kisha akapima tena mara ya pili kabla ya kuridhika.

Nilianza vizuri. Niliingia mzunguko wa kwanza kwa pumzi tulivu, miguu haina haraka, na nilipofika mstari wa kumalizia nikasikia sauti kubwa: "1:16! Umechelewa sekunde nzima, kaza, ami, kaza!" Nilikaza. Mzunguko wa pili niliukimbia kwa sekunde 72, nikapita kwa 2:28, na yule bwana akapiga makofi. Kona ya mwanzo ya mzunguko wa tatu mapaja yalikuwa yameshakuwa mazito, na mzunguko huo ukanichukua sekunde 77. Nilisomewa 3:45, na yeye akatangaza kwamba sasa niko sawa kabisa na kadi. Sikuwa na kitu tena mwilini. Mzunguko wa mwisho ulikuwa wa sekunde 79, nikamaliza kwa 5:04.

Hesabu niliifanya nimekaa kwenye nyasi, viatu nimevua. Kwa mwendo wa dakika tano kwa maili, kila mita 400 huchukua sekunde 74.6, na zile mita tisa na ushei huchukua sekunde 1.7. Kwa hiyo mkimbiaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika anapaswa kusomewa 1:16.3 anapopita mara ya kwanza, kwa sababu amekwishakimbia mita 409 na si 400, kisha 2:30.9, kisha 3:45.4, na hatimaye 5:00. Niliposomewa 1:16 sikuwa nimechelewa hata chembe. Nilikuwa mbele kidogo. Niliambiwa niko nyuma nikiwa mbele, nikatumia katika mzunguko wa pili nguvu ambazo zilikuwa akiba ya mzunguko wa nne.

Nilimwendea msomaji wa saa kwa adabu, nikamweleza. Alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Ami, mita tisa ni kitu gani? Ni hatua tano hizo. Wewe umechoka tu, usitafute sababu." Watu wawili waliokuwa karibu walicheka. Mimi ni mtu mzima, nimelipa, nimekimbia mpaka koo linawaka, na mtu ambaye kazi yake yote ni kuhesabu ananiambia umbali uliochorwa chini kwa chaki si kitu. Filbert Bayi wa Tanzania alipovunja rekodi ya dunia ya maili huko Kingston, Jamaika, Mei 1975, alikimbia 3:51.0, ilhali rekodi aliyoivunja ilikuwa 3:51.1. Kwa mwendo wake, mita hizo tisa zilimchukua kama sekunde 1.3, mara kumi na zaidi ya tofauti iliyompa rekodi.

Hata hivyo, nikiacha hasira pembeni, lazima niseme jambo moja ambalo linapunguza uzito wa mashtaka yangu. Kadi ile haikukosea jumla. Anayeanzia kwenye mstari wa nyuma na kuifuata barabara, akipita mstari wa kumalizia kwa 1:15, 2:30 na 3:45, atamaliza maili yake kwa dakika tano kweli. Kosa lake ni kwamba inatupa deni lote la mita tisa katika mzunguko wa kwanza: ili ufike kwa 1:15 ukitokea nyuma, inabidi ukimbie kwa mwendo wa sekunde 73.3 kwa kila mita 400, kisha ndipo ushuke uende kwa 75. Yuko mkimbiaji anayependa kuanza hivyo, na kwake kadi inaweza kufaa. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba huduma yao si mbaya, ila haikuandikiwa mtu kama mimi. Nikakumbuka kile kicheko, nikafuta.

Maana kama kadi inataka mwanzo wa kasi, basi mwenye kuisoma angalau ajue kwamba inataka hivyo, amwambie mteja kabla hajafunga kamba za viatu. Na kama desimali zinawachosha, ipo njia rahisi ya kumpimia mkimbiaji kama mimi. Msomaji asimame kwenye mstari wa kuanzia badala ya mstari wa kumalizia. Hapo kila ninapopita nitakuwa nimekimbia mita 400 kamili, na muda utakwenda sawa: 1:14.6, 2:29.1, 3:43.7. Nikishaingia mzunguko wa mwisho, anatembea zile mita tisa hadi mstari wa kumalizia na kunisubiri huko na saa yake. Tahadhari ni moja tu, kwamba asisahau kusogea, kwani akisimamisha saa palepale ataona 4:58.3 na kunipongeza kwa muda ambao sijaupata.

Saa yao ni nzuri na mstari wao ni sahihi kuliko nilivyotarajia. Kadi yao sitaifuata tena, na yule bwana sitaki anisomee muda hata bure. Nilipokuwa naondoka, kijana wa tepu alinifuata hadi getini akaniomba nimwonyeshe hesabu. Nilimwandikia nyuma ya risiti. Aliisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari, kisha akasema, "Mimi ndiye ninayezipima hizi mita kila wiki, na siku zote najiuliza mbona kwenye kadi hazimo." Akaazima kalamu yangu, akatoa kadi mfukoni, akakata 1:15 na kuandika juu yake 1:16.3. Huyo akinisomea yeye, nitalipa tena.