Namba Zikigombana: IST Ipi Ununue, Ipi Uiache Hapo Hapo

Mdogo wangu alinipigia simu Jumamosi moja akiwa Tegeta. Amepata Toyota IST ya rangi ya fedha, bei iko chini kidogo ya nyingine zote alizoziona, na dalali anamwambia kuna mteja mwingine anakuja saa nane na hela mkononi. Nikamuuliza kama amefungua boneti akasoma namba. Akanijibu kwamba kadi ipo na namba ya usajili inafanana na ya kwenye gari. Nikamwambia asitoe hata shilingi, nakuja.

Namba ya usajili ni kibati kilichofungwa kwa skrubu mbili. Haikuambii gari ni lipi. Gari hujulikana kwa namba nyingine tatu, na kosa ninaloliona kila mara ni watu kuzipa zote tatu uzito sawa. Mmoja analikimbia gari zuri kwa sababu namba ya injini si ile iliyo kwenye kadi. Mwingine ananunua gari la wizi kwa sababu bamba la chini ya boneti linafanana na kadi, basi akaridhika.

Kwa hiyo tuanze na uzito wake. Ya kwanza na iliyo nzito kuliko zote ni namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati lenyewe la bodi. Kwenye IST na Toyota nyingi ndogo za umri wake, iko kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Ya pili ni bamba dogo la utambulisho, ambalo hubeba namba hiyo hiyo pamoja na aina ya injini, ujazo wake, msimbo wa rangi na kiwanda. Bamba hili limeshikwa kwa ribiti, na ribiti hutolewa kwa drili kwa dakika chache. Ya tatu ni namba ya injini, iliyogongwa kwenye bloku. Injini hushushwa na kupandishwa kila siku gereji.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, ambazo kwa Toyota ni saba. IST ya kwanza, iliyoanza kutoka mwaka 2002, huanza na NCP60 ikiwa ni ya lita 1.3 yenye injini ya 2NZ, na NCP61 ikiwa ni ya lita 1.5 yenye injini ya 1NZ inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Kwa hiyo namba ya chasisi peke yake inakuambia injini gani ilitoka nayo kiwandani. Kumbuka hilo, tutalihitaji. (Ukikutana na gari la namba 17, kwa mfano lililotoka Uingereza au Afrika Kusini, jua kwamba namba hiyo haiwi na herufi I, O wala Q. Ukiiona mojawapo, kuna mtu ameiandika mwenyewe.)

Sasa tupange hali utakazokutana nazo, kuanzia ile ninayoweza kuilipia hadi ile ambayo sitaigusa.

Ya kwanza: injini imebadilishwa na karatasi zipo

Bamba na namba iliyogongwa vinafanana, kadi inafanana navyo, injini tu ndiyo tofauti. Hili ni jambo la kawaida sana. Gari la miaka ishirini injini yake ikifa, mwenyewe anakwenda Ilala kununua injini iliyotumika kutoka Japani, maisha yanaendelea. Muuzaji mkweli atakuwa na risiti ya injini yenye namba yake, na atakuwa amepeleka mabadiliko hayo yaingizwe kwenye kadi. Kama ana risiti ila kadi bado, mwambie akamilishe kabla hujalipa. Gari hili nanunua bila wasiwasi, na huenda ukapata injini yenye nguvu kuliko ile ya zamani.

Kuna jambo linalosaidia kuelewa tofauti hizi. Cheti kinachotolewa Japani gari linapouzwa nje huonyesha namba ya chasisi na aina ya injini tu, kwa mfano 2NZ. Hakionyeshi namba kamili ya injini. Namba kamili iliyo kwenye kadi iliingizwa huku, na mtu aliyeisoma kwenye bloku lenye mafuta na vumbi. Ndiyo maana namba ya injini naiweka chini kabisa kwa uzito.

Ya pili: kadi imekosea tarakimu moja

Bamba na bati vinasema kitu kimoja, kadi inasema karibu hicho hicho, ila penye 8 pameandikwa 3, au tarakimu mbili zimepishana. Mara nyingi ni kosa la mwandishi. Usikisie hata hivyo. Omba nyaraka za kuingizia gari nchini: cheti cha Japani, hati ya meli na karatasi za ushuru. Zote zikikubaliana na bati, kadi ndiyo iliyokosea, nayo hurekebishwa TRA kwa maombi ya mmiliki. Sharti langu ni kwamba arekebishe yeye, kwa jina lake, kabla ya mauzo. Ukinunua kwanza ukidhani utarekebisha baadaye, wewe ndiye utakayekuwa mezani ukieleza kwa nini una gari lisilofanana na kadi.

Nyaraka zikiwa zimepotea zote, teremsha gari hili liwe sawa na la tatu.

Ya tatu: injini tofauti, maelezo ya mdomo tu

"Fundi ndiye aliyebadilisha, sikumbuki wapi." Chasisi ni safi, lakini injini haina asili. Inaweza kuwa imenunuliwa kihalali na risiti ikatupwa, na inaweza kuwa imetoka kwenye gari lililoibwa na kuchinjwa. Hapa nasoma namba ya injini kwanza. Kama sehemu ilipogongwa imesagwa na kung'aa, au tarakimu zimepinda na kina chake hakilingani, naondoka. Kama imegongwa vizuri, muuzaji apeleke gari polisi likaguliwe na injini iingizwe kwenye kadi. Akikubali, bei ishuke kwa usumbufu huo. Akikataa, umeshapata jibu.

Ya nne: namba ya bati imeguswa

Hapa hakuna bei ya kuzungumza. Bamba na bati vikitofautiana, au vikifanana lakini bati likawa na alama za kuchezewa, usinunue.

Inafanyika hivi. Mtu ananunua gari lililopata ajali mbaya, mkweche usioweza kutengenezeka, ila una kadi halali. Anachotaka ni kadi na namba. Kisha anatafuta gari zima la aina hiyo hiyo, la wizi, au la IT ambalo lilipaswa kuvuka kwenda Zambia au Kongo na ushuru wake haukulipwa hapa. Namba ya zamani inasagwa na mpya kugongwa, au kipande chote cha bati chenye namba kinakatwa kwenye mkweche na kuchomelewa kwenye gari zima. Njia hii ya pili ndiyo ngumu kuigundua, kwa sababu namba yenyewe ni halisi, iligongwa na kiwanda. Uongo uko kwenye kingo zake.

Ndivyo ilivyokuwa ile IST ya Tegeta. Kadi ilisema NCP60, mwaka 2003, rangi ya fedha. Bamba lilisema hivyo hivyo, na msimbo wa rangi 1C0, ambao kweli ni fedha ya Toyota. Namba ya bati ilifanana tarakimu kwa tarakimu. Injini ilikuwa 1NZ. Dalali akasema imebadilishwa, na kama ningeishia hapo ningeipeleka kwenye kundi la tatu.

Nikavuta mpira wa mlango wa nyuma. Chini yake bati lilikuwa jeupe. Nikainua zulia la buti, jeupe pia. Gari linaweza kupakwa rangi upya, lakini hapa bamba lilidai fedha ndiyo rangi ya kiwandani. Kisha nikauvuta mkanda wa dereva hadi mwisho, kwenye lebo iliyoshonwa chini: mwaka 2006. Nikaangalia na mikanda mingine mitatu, yote 2006. Fundi anaweza kubadilisha mkanda mmoja baada ya ajali. Gari la 2003 haliwezi kuwa na mikanda minne ya 2006 bila sababu. Kwenye vioo vya pembeni palikuwa na mkwaruzo mpana, pale ambapo watu wengi hapa mjini huchonga namba ya usajili kuzuia wezi.

Mwisho nikachukua kitambaa chenye tina kidogo nikasugua pembeni ya namba iliyogongwa. Rangi ya kiwandani hupikwa kwenye tanuri, na tina haiitoi kirahisi hivyo. Hii ilitoka kwenye kitambaa, fedha kwanza, kisha ya kijivu ya msingi. Nikapitisha kidole: kulikuwa na mstari ulioinuka, umezunguka namba kwa umbo la mstatili. Ndani ya kabini, chini ya dashibodi, tulipofunua kapeti, mstari ule ule ulionekana kwa nyuma, umefunikwa kwa silikoni mpya.

Kwa hiyo haikuwa NCP60 iliyowekewa injini ya 1NZ. Kila dalili ilielekeza kwenye NCP61 nyeupe ya 2006 iliyochomelewa utambulisho wa mkweche wa 2003.

Ukienda kuangalia gari lako, fanya hivyo hivyo mchana, na weka karatasi juu ya namba ya bati uisugue kwa penseli. Nakala hiyo huonyesha tarakimu iliyopinda vizuri kuliko jicho. Kisha, kabla hujarudi kwa muuzaji, ingiza namba ya chasisi kwenye katalogi ya vipuri ya Toyota mtandaoni, ikupe mwezi wa kutengenezwa na rangi ya asili. Ingiza namba ya usajili tms.tpf.go.tz uone faini za barabarani, na tiramis.tira.go.tz uone bima. Hizi mbili hukamata pacha, yaani magari mawili yanayotembea na namba moja. Muuzaji akisema gari halijawahi kutoka Dar es Salaam, na faini zake ni za Mbeya, kuna gari lingine huko.

Mdogo wangu alitaka kumkabili dalali. Nikamzuia; dalali huenda hajui, na kama anajua, pale hapakuwa mahali salama pa kuulizana. Tulisema tunakwenda kutafakari, tukapanda gari letu, na ile nakala ya penseli tukaipeleka polisi pamoja na namba ya usajili.