Spana mbili namba 13, picha moja

Muuzaji wa Mwembe Tayari, Mombasa, ametuma picha ya spana mbili. Ya kwanza inang'aa kama kioo na imeandikwa CHROME VANADIUM tu. Hilo ni jina la chuma, si la kiwanda, na yeyote anaweza kuligonga. Kuza picha utazame mdomo: kromu imeanza kubanduka kwa magamba, na pembe za ndani zimeliwa na kuwa mviringo. Spana hiyo itateleza kwenye nati.

Ya pili imefifia, ina kutu kidogo ya chumvi ya pwani, lakini mpini unasema GEDORE, jina la kiwanda cha Ujerumani, kisha namba ya modeli, saizi, na W. GERMANY. Maneno hayo ya mwisho yanaonyesha ilitengenezwa kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990. Kutu ya juujuu husuguliwa ikatoka. Mdomo ulioliwa haurudi.

Mimi ningechukua ya pili. Ila ugumu wa chuma hauonekani pichani, na muhuri unaweza kuigwa, kwa hiyo omba picha ya mdomo ukiwa umeshika nati mpya ya 13. Isicheze.