Uzoefu wangu: huduma ya kutafsiri ikisiri kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza

Huduma niliyotumia inaendeshwa na mfasiri mmoja na mhariri anayepitia kazi yake. Unawatumia ikisiri, jedwali la matokeo na kikomo cha maneno cha jarida. Jedwali usiliache, sababu inakuja.

Wanachokijua hasa ni kushughulikia nomino zinazotokana na vitenzi. Kifaransa cha kitaaluma hupenda kugeuza kitendo kuwa nomino, kisha kukitafutia kitenzi chepesi cha kukibeba. Kwenye ikisiri yangu, iliyohusu udongo, kulikuwa na sentensi hii:

« La mise en évidence d'une baisse de la fertilité a été réalisée par l'analyse de 120 échantillons. »

Ukiifuata neno kwa neno utapata "The highlighting of a decrease in fertility was carried out by the analysis of 120 samples". Sarufi ni sahihi, ila "was carried out" haisemi kitu, na tokeo lenyewe limefukiwa ndani ya nomino. Wao walileta "Analysis of 120 samples showed that fertility had declined": maneno 9 badala ya 16. Hawakuvunja kila nomino. "Analysis" imebaki kwa kuwa ndiyo mbinu, na inafaa kabisa kuwa kiima. Iliyofunguliwa ni ile iliyoficha tokeo.

Kauli ya kutendwa hawakuifukuza kama wafanyavyo wahariri wengi wenye pupa. Kwenye mbinu waliiongeza hata pale ambapo Kifaransa hakikuwa nayo: « On a prélevé les échantillons » ikawa "Samples were taken". Hapo aliyechukua sampuli hana umuhimu, sampuli ndizo zenye umuhimu.

Kilichonishawishi zaidi ni swali walilonirudishia kuhusu « le suivi des agriculteurs ». Je, wakulima ndio waliofuatilia, au ndio waliofuatiliwa? Kifaransa kinabeba maana zote mbili, kwa sababu nomino imemmeza mtendaji. Kwa Kiingereza lazima uchague "monitoring by farmers" au "monitoring of farmers", na anayejua jibu ni mwandishi peke yake. Mfasiri asiyeuliza hapo amebahatisha tu.

Kasoro niliikuta kwenye namba. Mavuno yaliyoandikwa « 1,250 t/ha » yalirudi vilevile, na mkato wake. Msomaji wa Kiingereza ataona tani elfu moja mia mbili hamsini kwa hekta, wakati ni tani moja na robo, kwa kuwa mkato wa Kifaransa hapo ndio nukta ya desimali ya Kiingereza; ilitakiwa "1.250". Jedwali walikuwa nalo, mhariri hakulinganisha. Kabla ya kupokea kazi, tafuta kila mkato ulio katikati ya tarakimu kwenye faili, kisha usome namba hiyo sambamba na jedwali.